Ufunguo wa siri wa lango la malipo: kuuweka nje ya msimbo na kuubadilisha unaposhukiwa kuvuja

Ufunguo wa siri ni mfuatano wa herufi na tarakimu ambao lango la malipo humpa mwenye duka ili seva yake itambulike kila inapoomba kutoza kadi, kurejesha fedha au kusoma orodha ya wateja. Lango halina njia nyingine ya kujua ni nani anayeomba: aliye na ufunguo ndiye huhesabiwa kuwa mwenye duka. Kwa Stripe, ambayo ndiyo mfano wa maelezo haya, ufunguo wa siri wa malipo halisi huanza na `sk_live_`, ilhali ule wa `pk_live_` umekusudiwa kuonekana na kila mtu kwenye ukurasa wa malipo. Ipo pia siri ya `whsec_`, ambayo seva huitumia kuhakiki kwamba taarifa ya malipo kukamilika imetoka Stripe kweli. Mwizi akiipata hii ya mwisho hawezi kugusa salio, lakini anaweza kutunga taarifa ya uongo na kutumiwa bidhaa ambayo hajailipia.

Kuiweka siri nje ya msimbo maana yake ni kwamba msimbo hutaja jina tu, na thamani yenyewe husomwa kwenye seva programu inapoanza. Katika Laravel, mstari wa `config/services.php` huwa hivi:

```php
'stripe' => ['secret' => env('STRIPE_SECRET')],
```

Thamani hukaa kwenye faili la `.env` lililo kwenye seva peke yake, na jina la faili hilo huandikwa ndani ya `.gitignore`. Sababu ni kwamba msimbo husafiri: hunakiliwa kwenye kompyuta za mafundi, hupewa mkandarasi wa muda, hupandishwa GitHub. Zaidi ya hayo, Git haisahau. Ukifuta ufunguo leo, toleo la jana bado linao, na amri hii itakuonyesha ulipoingia na ulipotolewa:

```
git log --all -S 'sk_live_'
```

Ndiyo maana kufuta mstari, au kuifanya hifadhi ya msimbo iliyokuwa wazi kuwa ya faragha, si tiba. Hata ukiiandika upya historia yote, huwezi kuzirudisha nakala zilizokwisha kuchukuliwa. Ufunguo uliowahi kuonekana hadharani, hata kwa dakika chache, uhesabiwe kuwa umevuja.

Tuseme basi kwamba duka la Laravel limegundua `sk_live_` yake ndani ya hifadhi ya wazi. Kwenye dashibodi ya Stripe, mwenye akaunti huzalisha ufunguo mpya na kuchagua kama ule wa zamani ufe papo hapo au uendelee kwa muda fulani. Katika mabadiliko ya kawaida, muda huo wa funguo mbili kufanya kazi pamoja ni jambo jema. Penye shaka ya kuvuja, usizidi dakika zinazohitajika kuweka ufunguo mpya kwenye seva; na kumbukumbu za maombi zikionyesha anwani za IP zisizojulikana, ni afadhali malipo yakwame kidogo kuliko kumwachia mgeni mlango wazi.

Hapa ndipo wengi hukwama. Kubadilisha `.env` pekee hakutoshi ikiwa Laravel imehifadhi mipangilio kwenye kache, kwa kuwa itaendelea kusoma ufunguo wa zamani. Nazo kazi za foleni zilizoanza mapema hubaki na ufunguo uleule kwenye kumbukumbu ya mashine hadi zianzishwe upya:

```
php artisan config:cache
php artisan queue:restart
```

Dalili ya kusahau amri ya pili ni kwamba malipo ya ukurasani yanapita vizuri, huku marejesho ya fedha yanayopitia foleni yakipata kosa la 401.

Kubadilisha ufunguo hakufuti alichokwisha kukifanya mwizi. Akiwa na `sk_live_` anaweza kusajili anwani ya seva yake ipokee taarifa za malipo, na anwani hiyo itaendelea kupelekewa taarifa za wateja hata ufunguo ukishakufa. Kwa hiyo orodha ya anwani hizo ikaguliwe, pamoja na marejesho yote yaliyofanyika tangu siku ufunguo ulipoingia kwenye Git.

Kama `whsec_` nayo ilikuwa kwenye faili hilohilo, ibadilishwe kivyake. Stripe huruhusu siri ya zamani iendelee hadi saa 24, na katika muda huo kila taarifa huja na saini za siri zote mbili. Paystack, inayotumika pia Kenya, haina siri tofauti kwa ajili hiyo: saini ya `x-paystack-signature` hutengenezwa kwa ufunguo wa siri uleule, hivyo seva inayohakiki kwa ufunguo tofauti na ule Paystack inaotumia kutia saini itayakataa malipo halali kana kwamba yameghushiwa.