Una cheti cha jina la biashara, na mwigaji bado yuko mtandaoni

Mteja aliingia ofisini kwangu hapa Kampala ameshika simu mkono mmoja na cheti mkono wa pili. Anauza viungo vya pilau vya kusaga. Anavikaanga na kusaga mwenyewe, anafunga kwenye vichupa, na wateja wake karibu wote humpata mtandaoni. Cheti kilisema "Kampala Pilau Masala". Kwenye simu kulikuwa na ukurasa mwingine wenye jina hilohilo, umeongezewa "Ug" mwishoni, na picha za vichupa zilikuwa zake mwenyewe.

"Wakili, mimi nimesajiliwa. Nimewatumia wenye mtandao huu wa kijamii cheti ili waufunge ukurasa huu, wamenikatalia. Kwa nini?"

Alikataliwa kwa sababu cheti alichotuma kilikuwa cha usajili wa jina la biashara, na fomu aliyojaza ilikuwa ya alama ya biashara. Usajili wa vyote viwili hufanywa na URSB, ofisi ya serikali ya usajili Uganda, na ndiyo maana watu huvichanganya. Cheti cha jina la biashara kinaeleza nani yuko nyuma ya jina fulani. Ukifanya biashara kwa jina lisilo lako la kuzaliwa, sheria inataka lisajiliwe ili anayekudai ajue amfuate nani. Hakikupi haki ya kumzuia mtu mwingine kulitumia sokoni. Haki hiyo inatoka kwenye Sheria ya Alama za Biashara ya mwaka 2010, na sheria hiyo inasema wazi kwamba huwezi kumshtaki mtu kwa kuingilia alama ambayo haijasajiliwa. Kinachobaki ni kesi ya kumdai mtu anayeuza bidhaa yake kana kwamba ni yako. Hapo itakubidi uthibitishe mahakamani kwamba jina lako lina sifa kwa wateja, kwamba wamedanganywa, na kwamba umepata hasara. Njia hiyo ipo, ila mtandao wa kijamii hautakaa kukusikilizia ushahidi wa namna hiyo. Mtandao huo unauliza namba ya usajili wa alama, nchi iliyosajiliwa, bidhaa inazohusu, na viungo vya kurasa unazolalamikia.

Nilimwambia tuanze na kitu kidogo: picha. Aliyepiga picha ndiye mwenye hakimiliki, na kwa sheria yetu ya mwaka 2006 haki hiyo haisubiri usajili. Picha alizipiga mwenyewe, na mafaili ya awali bado yalikuwa kwenye simu yake. Tukajaza fomu ya hakimiliki badala ya ile ya alama, tukaweka kiungo cha kila picha pamoja na kiungo cha ilikochukuliwa. Picha ziliondolewa. Ukurasa na jina vikabaki.

Sasa jina lenyewe. Nilimwambia jambo ambalo hakulipenda: "Kampala Pilau Masala" halifai kuwa alama. Kampala ni mahali, pilau ni chakula, masala ndiyo bidhaa. Alama inatakiwa itofautishe viungo vyako na vya jirani yako, na maneno hayo matatu kila muuza viungo mjini ana haki ya kuyatumia. Kuhamia lugha nyingine hakusaidii. Alipendekeza "Binzaali", yaani bizari kwa Kiganda, nikacheka kidogo, kwa sababu msajili anajua Kiganda kama sisi. Alama yenye nguvu ni neno la kubuni, au neno la kawaida lisiloielezea bidhaa. Wauzaji hupenda jina linalojieleza kwa sababu linauza haraka, lakini jina likijieleza sana, linakuwa la watu wote.

Baada ya siku mbili alirudi na neno alilolibuni, ambalo hapa nitaliita "Tamzali" kwa sababu la kweli ni lake.

Kabla ya kulipia ombi, tuliomba msajili apekue daftari kama kuna alama inayofanana nalo. Kufanana si herufi tu. Hutazamwa na jinsi neno linavyosikika na linavyoonekana, na aina ya bidhaa. Aina hizo zimegawanywa katika madaraja 45 yanayotumika kimataifa. Viungo, kahawa na unga viko daraja la 30, nguo daraja la 25, sabuni na vipodozi daraja la 3, mgahawa daraja la 43. Ulinzi wako unakwenda na daraja ulilolichagua. Mteja alitaka achukue matano "kwa usalama". Nilimshauri achukue la 30 peke yake, kwa sababu kila daraja lina ada yake na hana mgahawa wala sabuni.

Ushauri mwingine ninaoung'ang'ania: kama pesa inatosha ombi moja, sajili neno tupu kwa herufi za kawaida, usianze na nembo yenye chungu na miale ya jua. Mwigaji hachukui chungu chako. Anachukua neno, analiandika kwa mwandiko mwingine na rangi nyingine.

Ombi liliandikwa kwa jina lake mwenyewe. Jina la biashara si mtu kisheria, kwa hiyo haliwezi kumiliki alama. Akija kufungua kampuni, itabidi aihamishie kampuni hiyo alama kwa maandishi na uhamisho uandikwe kwenye daftari.

Msajili akiridhika, alama hutangazwa rasmi kwa umma, na yeyote ana siku 60 za kuweka pingamizi. Hakutokea mtu, cheti kikatoka. Kinadumu miaka 7 tangu tarehe ya kupeleka ombi, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Katika miezi ya kusubiri aliniuliza kama anaweza kuweka ile R ndani ya duara kwenye vichupa. Hapana. Kudai kwamba alama imesajiliwa kabla haijasajiliwa ni kosa kisheria.

Mwigaji naye hakulala. Alikuwa ameshahamia "Tamzalli", kwa L mbili. Safari hii fomu ilikuwa na namba ya cheti, daraja la 30, na sentensi tatu: jina linasikika vilevile, bidhaa ni ileile, wanunuzi ni walewale wa Uganda. Tuliambatanisha jumbe mbili za wateja waliolipia kule na kuja kumlalamikia yeye. Ukurasa ulifungwa. Angekuwa anauza viatu kwa jina hilo, nisingetarajia matokeo hayo. Na angekuwa anauzia watu wa Nairobi, cheti cha Uganda kisingemgusa, maana Kenya na Tanzania zina daftari zao.

Wiki iliyofuata mteja alinitumia kiungo kingine, cha duka moja Mbarara lililoweka picha ya vichupa vya Tamzali na bei juu yake.

"Na huyu tumfunge, wakili."

Nikamuuliza vichupa vile vilitoka wapi. Akaangalia tena, akanyamaza. Vilikuwa vyake, alimuuzia mwenye duka katoni mbili mwezi uliopita. Muuzaji anayeuza bidhaa halisi ana haki ya kusema ni bidhaa gani, na ripoti hiyo sikuijaza.