Jasho la dakika 20 na jasho la saa mbili: kula baada ya upasuaji wa tumbo

Watu waliokatwa sehemu ya tumbo, au waliotengenezewa njia fupi ya chakula ili wapungue uzito, hunijia na malalamiko yanayofanana sana. "Nikila tu natokwa jasho jembamba, tumbo linasokota, moyo unakwenda mbio, natafuta pa kulala." Kabla sijauliza walikula nini, huwauliza jambo jingine: tangu uanze kula, jasho lilikuja baada ya muda gani?

Nauliza hivyo kwa sababu sindromu ya dampingi, yaani hali ya chakula kushuka kutoka tumboni upesi mno, ina sura mbili. Moja huja ndani ya saa ya kwanza, mara nyingi kati ya dakika 10 na 30. Nyingine huja saa moja hadi tatu baada ya mlo. Zote mbili huleta jasho, udhaifu na moyo kwenda mbio, ila chanzo chake ni tofauti kabisa. Kitu ambacho mgonjwa huona kinamsaidia katika ile ya pili ndicho kinachoiwasha ile ya kwanza. Mimi ni mtaalamu wa lishe ninayefanya kazi na wagonjwa wa upasuaji, na naona watu wengi wakizunguka katika duara hili kwa miezi bila kuambiwa kwamba ni duara.

Tumbo zima hupokea chakula, hukisaga mpaka kiwe laini, kisha hukiachia kidogo kidogo kupitia msuli wa mviringo ulio kwenye mlango wake wa chini. Upasuaji ukiuondoa msuli huo au kuupita kando, au ukipunguza sana ukubwa wa tumbo, chakula huteremka kwa wingi kwenye utumbo mwembamba kikiwa bado kizito kwa sukari. Sukari hiyo huvuta maji kutoka kwenye damu na kuyaingiza ndani ya utumbo. Utumbo hutanuka ghafla, na hapo ndipo msokoto, kunguruma, kichefuchefu na kuharisha vinapotokea. Wakati huohuo damu inayozunguka mwilini imepungua maji, na utumbo umemwaga homoni zinazolegeza mishipa. Moyo hulazimika kupiga haraka, uso huwaka, jasho hutoka, kichwa huwa chepesi. Hiyo ndiyo dampingi ya mapema. Sukari ya damu wakati huo haijashuka. Mara nyingi iko juu.

Dampingi ya kuchelewa huanzia palepale, kisha hufuata njia yake. Sukari iliyomiminika kwenye utumbo huingia kwenye damu kwa kasi, homoni za utumbo huichochea kongosho, na kongosho hutoa insulini nyingi kupita mahitaji. Chakula kikishakwisha kufyonzwa, insulini bado ipo kazini. Sukari ya damu huporomoka. Mgonjwa hutetemeka, husikia njaa kali, jasho humtoka, mawazo humvurugika, na wengine huzimia. Msokoto wa tumbo kwa kawaida haupo katika hali hii, na hiyo ni alama nzuri ya kuzitofautisha.

Nikupe mfano wa mama mmoja aliyeondolewa sehemu ya chini ya tumbo. Alikuja na binti yake miezi michache baada ya upasuaji, akiwa amekonda na anaogopa sahani. Nilimwomba aniandikie siku moja tu, kwa saa, bila kubadilisha chochote, na apime sukari kwa mashine ya kidole kila anapojisikia vibaya.

Saa 1 asubuhi alikula vipande viwili vya mkate mweupe vyenye jamu, akanywa chai yenye sukari na glasi ya juisi. Saa 1 na dakika 20 tumbo lilianza kusokota, jasho likamtoka, akalala, kisha akaharisha. Kipimo cha sukari wakati huo kilikuwa milimoli 10.6 kwa lita. Saa 3 tumbo lilikuwa limetulia, lakini alianza kutetemeka na njaa ikamshika. Kipimo kilisoma 2.7. Binti akampa glasi ya soda, na baada ya dakika chache akapata nafuu. Soda hiyo ilikuwa mlo mwingine wa sukari tupu iliyoyeyushwa. Ilipofika saa 4 na nusu alikuwa anatetemeka tena.

"Kumbe mimi ndiye ninayemuumiza mama?" binti aliuliza.

Nilimwambia hapana. Sukari ikiwa 2.7 na mtu anatetemeka, ni lazima apewe sukari, tena mara moja. Kilichokosekana ni kile kinachofuata baadaye: akishatulia, ale kitu kidogo chenye protini na wanga unaosagika polepole, kwa mfano yai na kipande cha mkate wa nafaka isiyokobolewa, ili sukari isipande na kuporomoka upya. Na kwa jasho la saa 1 na dakika 20 soda isingesaidia chochote, kwa kuwa sukari haikuwa chini. Pale dawa ni kujinyoosha kitandani. Ukilala, mvutano wa chini hupungua, chakula hushuka taratibu kidogo, na damu hurudi kichwani kwa urahisi.

Tulianza kwa kubadilisha mlo wa asubuhi peke yake. Saa 1 alikula yai moja la kuchemsha kwanza, kisha kipande kimoja cha mkate wa nafaka nzima kilichopakwa siagi ya karanga, akatafuna polepole kwa karibu nusu saa. Hakunywa chochote mezani. Chai isiyo na sukari aliinywa dakika 30 baada ya kumaliza, kwa mafunda madogo. Saa 3, muda ambao sukari ilizoea kushuka, alikula tena kidogo: mtindi usiotiwa sukari na njugu chache. Siku nzima ikagawanyika kuwa milo midogo sita badala ya mitatu mikubwa.

Kila badiliko lina sababu yake. Protini na mafuta hukaa tumboni muda mrefu zaidi na havivuti maji kwa nguvu kama sukari. Nyuzinyuzi huufanya mchanganyiko kuwa mzito, sukari ikafyonzwa taratibu. Kinywaji wakati wa kula hufanya kinyume: hukiyeyusha chakula na kukisukuma kushuka upesi. Kati ya yote, hili la kutenganisha maji na chakula ndilo wagonjwa hulipuuza zaidi, nami hulisisitiza kuliko yote. Mtu anaweza kuacha sukari kabisa na bado akasokotwa na tumbo kwa sababu anateremshia kila tonge kwa maji. Lakini asipunguze maji ya siku. Karibu lita moja na nusu au zaidi inahitajika, ila iingie katikati ya milo.

Katika sukari watu hukosea sehemu mbili. Wanahamia kwenye asali, au kwenye juisi ya matunda isiyoongezwa sukari, wakidhani ni salama. Kwa utumbo hizo ni sukari ileile ya haraka. Tunda lenyewe, likiliwa kidogo baada ya protini, mara nyingi huvumilika. Juisi yake haivumiliki. Sehemu ya pili ni dawa za maji, kama za kikohozi, na peremende zisizotiwa sukari. Nyingi zina sorbitoli, nayo huvuta maji kwenye utumbo vilevile.

Yule mama, baada ya wiki chache, hakuwa tena na mtetemeko wa saa 3, na jasho la asubuhi lilikuwa limepungua sana. Msokoto ulibaki, lakini siku fulani tu. Daftari lake lilionyesha kwamba ni siku alizokunywa maziwa. Baada ya upasuaji wa tumbo baadhi ya watu hushindwa kusaga sukari ya maziwa, na hali hiyo huonekana kama dampingi bila kuwa dampingi. Aliacha maziwa mabichi na ya moto, akabaki na mtindi, msokoto ukaisha. Bila daftari tungeendelea kumpunguzia vyakula asivyostahili kunyimwa, naye alikuwa tayari amekonda. Hilo huniogopesha kuliko jasho lenyewe: mgonjwa anayeona nafuu kwa kutokula. Uzito ukishuka, mabadiliko ya mlo yamevuka mpaka, na inabidi tuongeze chakula hata kama dalili kidogo zitarudi.

Pale ambapo maelezo hayatoshi, daktari hupima kwa kumnywesha mgonjwa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa, kisha kufuatilia kwa saa tatu. Mapigo ya moyo yakipanda kwa zaidi ya 10 kwa dakika ndani ya nusu saa ya kwanza, ni ishara ya dampingi ya mapema. Sukari ikishuka chini ya milimoli 2.8 kwa lita kati ya saa moja na tatu, ni ya kuchelewa. Kipimo hiki hufanyika hospitali pekee, maana kinaamsha dalili kwa makusudi.

Wengi hupata nafuu kwa mlo peke yake, na kwa baadhi dalili hufifia zenyewe miezi inavyopita. Wasiopata, hatua inayofuata huwa ni unga wa nyuzinyuzi kama pektini unaochanganywa na chakula. Kwa sukari inayoshuka kuna akabosi, kidonge kinachochelewesha kusagwa kwa wanga. Humezwa na tonge la kwanza, na kero yake ni gesi nyingi. Kwa hali ngumu zaidi kuna sindano ya okitreotaidi, ambayo hupunguza homoni za utumbo na insulini kwa pamoja. Kuna pia watu wanaorudishwa chumba cha upasuaji, lakini ni wachache.

Ambaye sukari yake hushuka asiendeshe gari katika saa tatu baada ya mlo mpaka daktari aridhike kwamba hali imetulia. Akipoteza fahamu, asitiliwe kitu chochote mdomoni, apelekwe hospitali. Na maumivu ya tumbo yasiyofuata mlo, yanayodumu mchana na usiku, au yanayokuja na homa, kutapika mfululizo, damu kwenye choo au choo cheusi, hayo si dampingi. Hayangoji daftari wala miadi yangu. Yanahitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo.