Chandarua, upungufu wa damu na kichwa cha makala

Kama mtakwimu, nikipokea rasimu ya makala ya afya huanza kusoma mbinu, kisha ndipo hurudi kwenye kichwa. Tuseme kichwa kinasema: «Chandarua hupunguza upungufu wa damu kwa wajawazito». Kwenye mbinu nakuta wajawazito walihojiwa kliniki mara moja, wakaulizwa kama jana yake walilala ndani ya chandarua, na siku hiyohiyo wakapimwa damu.

Hapo hakuna kilichopungua. Ili kitu kipungue, lazima kipimwe kabla na baada, na hapa kila mama amepimwa mara moja tu. Kiambishi «hu-» nacho kinaigeuza hesabu ya kliniki moja kuwa kanuni ya wanawake wote, siku zote.

Kuna tatizo kubwa zaidi. Katika kliniki zetu nyingi, mama hupewa chandarua hudhurio la kwanza, pamoja na vidonge vya madini chuma na foliki asidi, na baadaye dawa ya SP ya kukinga malaria. Aliyewahi kliniki ana chandarua, lakini pia amemeza vidonge kwa muda mrefu zaidi. Damu yake ikiwa nzuri, tumshukuru nani? Unaweza kusawazisha tofauti hizo kwa takwimu, ila utasawazisha ulichopima tu. Kipato na lishe visipokuwemo kwenye dodoso, vitabaki vimejificha ndani ya jibu.

Wengi wakielezwa hivyo hukimbilia «Uhusiano kati ya matumizi ya chandarua na upungufu wa damu». Ni salama, lakini hakisemi uhusiano huo unaelekea wapi. Mimi ningeandika: «Upungufu wa damu ulikuwa nadra zaidi kwa wajawazito walioripoti kulala ndani ya chandarua: utafiti wa wakati mmoja katika kliniki ya wilaya». Matokeo yapo, muundo upo, na «walioripoti» inakiri kwamba hakuna aliyekwenda kuchungulia kitandani.

Linganisha na jaribio la tohara la Kisumu, lililochapishwa 2007. Kabla yake, tafiti nyingi zilikuwa zimeona VVU vichache kwa wanaume waliotahiriwa, lakini tohara hufuatana na dini na mila, na hayo huathiri pia mienendo ya ngono. Kisumu, vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine watahiriwe mara moja, wengine wasubiri miaka 2. Kichwa chake kiliitaja tohara kuwa ni ya kuzuia VVU, na kikamalizia kwa kutaja jaribio la nasibu. Mgao ule ndio uliowapa haki ya kusema «kuzuia».

Jarida likikubana kwa idadi ya maneno, ondoa kwanza jina la kliniki. STROBE, mwongozo wa kuripoti tafiti za uchunguzi kama huu wa kliniki, unaruhusu muundo utajwe kwenye kichwa au ikisiri, lakini mimi huuacha kwenye kichwa, maana wasomaji wengi hawafiki kwenye ikisiri.