Dola mara 129: hesabu inayonikera kila Aprili

Jumatatu ya mbio za Boston bado haijaisha, na tayari kinyozi wangu hapa Eldoret ameshatoa simu, akachukua dola 150,000 za mshindi, akazidisha kwa shilingi 129 za kila dola, akapata shilingi milioni 19 na ushee. "Yaani mtu anakimbia saa mbili tu, analala milionea?" Mwaka huu ameniuliza nikiwa nimefunikwa shuka, wembe uko shingoni, sikuweza kumjibu. Basi najibu hapa. Kazi yangu ni vitabu vya hesabu vya wanariadha, na wengi wao ni wa marathoni.

Kwanza, mwanariadha wa marathoni hana mshahara. Akiwa polisi au mwanajeshi ana mshahara wa kazi hiyo, lakini hakuna anayemlipa mwisho wa mwezi kwa kukimbia. Anaishi kwa vyanzo vitatu: zawadi ya ushindi, pesa ya kufika, na mkataba wa viatu. Watu wanakijua hicho cha kwanza tu kwa sababu ndicho kinachotangazwa.

Tuipitie zawadi. Mshindi wa Boston, kwa mfano Hellen Obiri aliposhinda 2023 na 2024, hutangaziwa dola 150,000. Mkataba wake siujui, kwa hiyo hesabu hii ni ya mkimbiaji wa kufikirika. Marekani hukata asilimia 30 ya malipo ya mwanamichezo mgeni papo hapo, kabla hajaondoa gharama yoyote. Hizo ni dola 45,000. Meneja huchukua asilimia 15, na kwa kawaida huihesabu kwenye 150,000 yote, si kwenye kilichobaki baada ya kodi: 22,500. Kocha, tuseme asilimia 10: 15,000. Zimebaki 67,500. Bado hatujawagusa vijana wa kambini waliomvuta kwenye mazoezi ya kilomita 40, ambao hakuna karatasi inayowataja lakini ole wako urudi kijijini bila chao.

Na hizo 67,500 hazipo benki. Waandaaji husubiri majibu ya vipimo vya dawa zilizokatazwa, kwa hiyo miezi miwili mitatu hupita, wakati mwingine zaidi. Wakati huo majirani wameshaanza kupanga foleni ya karo. Nimeona mshindi akikopa nauli.

Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, na safari hii si kwa kinyozi bali kwa wanariadha wenyewe. Ile asilimia 30 si kodi ya mwisho. Ni amana. Mgeni ana haki ya kuwasilisha fomu ya kodi ya Marekani iitwayo 1040-NR, atoe kamisheni ya meneja, nauli na gharama nyingine za kazi zenye risiti, kisha atozwe kwa viwango vya kawaida vinavyopanda kidogo kidogo. Kwa mfano wetu, zaidi ya dola 20,000 zinaweza kurudi. Zaidi ya milioni mbili na nusu! Lakini anahitaji nambari ya mlipakodi ya Marekani, anahitaji risiti, na anahitaji kufanya hivyo kabla muda haujapita. Nikiuliza risiti naambiwa, "Meneja anazo." Nikimuuliza meneja, naambiwa mwanariadha ndiye anazo. Malipo ya kocha yaliyotolewa taslimu kwenye bahasha hayana ushahidi wowote, ingawa nilikuwepo bahasha ilipotolewa. Baada ya hapo kuna kodi ya nyumbani, na kuithibitishia mamlaka ya kodi kwamba ya ugenini imeshalipwa ni kazi nyingine tena.

Sasa pesa ya kufika. Hii ndiyo inayolisha watu, na ndiyo isiyotajwa hadharani. Mwandaaji wa mbio ana bajeti ya majina. Anamlipa mkimbiaji asimame kwenye mstari wa kuanzia ili televisheni na wadhamini wapate walichonunua. Kwa mkimbiaji mwenye jina inaweza kuzidi zawadi yenyewe, na haitegemei kushinda. Hailipwi bure, hata hivyo. Nimeona mikataba inayotoa nusu ukianza na nusu ukimaliza, na mingine inayokata sehemu ukivuka muda fulani. Ukiumia msuli wiki mbili kabla, ukabaki kambini Iten, hupati kitu, na miezi minne ya kambi imeliwa.

Watu hudhani bei hupangwa na kasi. La. Hupangwa na uhaba. Huku kwetu mkimbiaji wa saa 2:04 ni kama mahindi ya Trans Nzoia wakati wa mavuno: mazuri, lakini kila gunia ni zuri. Mmarekani wa saa 2:08 huko kwao yupo mmoja mmoja, ana mashabiki barabarani, anaongea na watangazaji kwa lugha yao. Anaweza kulipwa zaidi ya Mkenya atakayemwacha kwa dakika nne. Inauma, lakini mwandaaji ananunua watazamaji, na dakika ni sehemu tu ya hesabu yake. Ndiyo maana mimi huwasumbua vijana wangu wajifunze kuhojiwa. Wananiona mzee wa kero.

Viatu nitavipitia haraka. Kampuni hulipa kiasi cha mwaka, mara nyingi kwa robo mwaka, na bonasi za ushindi na rekodi juu yake. Marehemu Kelvin Kiptum alipokimbia 2:00:35 Chicago mwaka 2023 na kuweka rekodi ya dunia, mbio zilimpa dola 100,000 za ushindi na 50,000 za rekodi ya njia. Bonasi ya viatu kwa rekodi ya dunia, kama zilivyo karibu zote, ni siri ya mkataba. Kinachonihusu mimi ni ukurasa wa makato. Usipokimbia idadi fulani ya mbio, unakatwa. Ukishuka kwenye orodha ya dunia, unakatwa. Wanawake walikatwa hata kwa ujauzito, mpaka wanariadha kama Alysia Montaño na Allyson Felix walipolisema wazi mwaka 2019 na Nike ikabadilisha masharti yake. Mimi mwenyewe niliwahi kupitisha mkataba wa kampuni moja bila kuona kwamba makato yanarundikana: kijana aliumia, akakatwa kwa kutokimbia, kisha akakatwa tena kwa kushuka orodhani kwa sababu hakukimbia. Jeraha moja, makato mawili. Nililisoma lile sharti mara ya pili nikiwa nimechelewa mwaka mzima.

Siri ya pesa ya kufika inawasaidia nani? Sijui. Mameneja husema inalinda bei. Mimi nashuku inalinda meneja, maana mkimbiaji asiyejua mwenzake kalipwa ngapi hawezi kudai. Lakini bei zikitangazwa, huenda wa saa 2:04 wote wakashushwa hadi bei ya yule mwenye shida zaidi. Nimebadilisha mawazo juu ya hili mara tatu.

Na ushauri wangu mwingine sina hakika nao pia. Mwaka mmoja mteja wangu alikuwa na barua mbili: mbio ndogo ya Ulaya yenye dola 15,000 za kufika, za uhakika, na mbio kubwa isiyotoa kitu isipokuwa zawadi. Alikuwa na mkopo wa shamba. Nikamwambia aende kwenye uhakika. Akaenda, akamaliza wa tano, akalipwa, mkopo ukaisha. Ile mbio kubwa ilichezewa kimbinu, mwendo wa kobe, na aliyeshinda ni mtu ambaye mteja wangu alikuwa amemshinda mara mbili kambini mwezi huohuo. Hajaniambia neno juu yake, na mimi sijamwuliza.