Malkia Akitoka Mapema, Zamu Zinakwenda kwa Nani?

Mcheza bao haanzi na mtaji. Kwanza ananamua, kete 22 za mkononi ziingie moja moja, mtaji ndio ufuate. Sataranji nayo ina namua yake, kuzitoa kete kwanza kabla ya kushambulia, na wanafunzi wetu wengi hapa Unguja wanairuka. Wamejifunza barazani namna ya kummaliza mtu kwa hatua nne, basi kila mchezo malkia anatangulia.

Tuifuate njia hiyo. Mweupe anapeleka askari e4, Mweusi anajibu e5. Wanagombea katikati, miraba ya d4, e4, d5 na e5, kwa sababu aliye hapo anafika kwingi zaidi. Farasi wa d4 ana pa kurukia panane, wa pembeni a1 ana pawili tu.

Sasa malkia Mweupe anakwenda h5. Anamtaka askari wa e5, na anamvizia wa f7 ambaye mlinzi wake ni mfalme peke yake. Anayeanza hushituka akacheza askari g6 ili amfukuze. Hapo ameumia: malkia anakula e5 huku akimkabili mfalme, kisha anaichukua ngome ya h8. Jibu zuri ni farasi c6. Anailinda e5, na papo hapo kete mpya imeingia mchezoni.

Mweupe anamleta askofu c4. Wengi hutoa farasi wa pili, f6, na mchezo unakwisha: malkia anakula f7, mfalme hawezi kumgusa kwa kuwa askofu yuko nyuma yake. Hii ndiyo zamu ya g6, maana e5 sasa ina mlinzi. Malkia anarudi f3, bado macho yako f7, na sasa farasi f6 anaziba njia.

Simama hapo uhesabu. Mweupe ametoa malkia, aliyehama mara mbili, na askofu. Mweusi ana farasi wawili nje. Tena malkia amekalia f3, mraba ambao farasi wake mwenyewe angeuhitaji.

Mweupe bado hajashindwa. Akicheza farasi e2, anailinda d4 na mchezo unaendelea. Lakini akisogeza askari d3, farasi wa c6 anaruka d4. Anamtishia malkia, na pia anaitaka c2, ambako angemkabili mfalme na ngome kwa pamoja. Kinachookoa vyote viwili ni malkia kurudi d1. Zamu tatu zimekwenda, yuko pale pale alipoanzia.

Mweusi anasukuma askari d5, akimsumbua askofu na kumfungulia njia askofu wake wa c8. Askari wa e4 akimla, farasi wa f6 anamla naye anatua d5. Farasi wawili wa Mweusi wamekaa katikati, na upande wa pili kete kubwa iliyotoka ni askofu mmoja tu.