Hundi uliyoweka leo bado si pesa

Malalamiko mengi yanayofika kwenye kaunta za benki hapa Kenya kuhusu hundi yana chanzo kimoja. Mteja ameweka hundi, ameona kiasi kwenye simu, akatoa mali. Kesho yake hundi inarudi na lawama zinaiangukia benki.

Chukua mfano wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Jumatatu asubuhi fundi anamwandikia hundi ya shilingi 85,000 kwa ajili ya mabati. Akiiweka kabla ya saa ya mwisho ya tawi lake, benki inapiga picha ya hundi na kuituma kielektroniki kwa benki ya fundi. Karatasi yenyewe haisafiri tena, utaratibu ulioanza 2011. Benki ya fundi hukagua sahihi, tarehe na salio, na jibu hujulikana siku ya kazi inayofuata, yaani Jumanne. Hundi ya Ijumaa basi husubiri Jumatatu. Kiasi kilichoonekana kwenye simu ni rekodi tu kwamba hundi imepokelewa.

Sasa tuseme akaunti ya fundi ina shilingi 84,200. Benki hailipi hizo 84,200 na kudai 800 baadaye, kama wengi wanavyodhani. Hundi nzima inarudi, na fundi anakatwa ada ya adhabu.

Upungufu wa pesa si sababu pekee. Hundi hurudi maneno na tarakimu zikitofautiana, sahihi isipofanana na iliyo benki, tarehe ikiwa haijafika, au miezi 6 ikiwa imepita. Ukikosea kuandika, chukua jani jingine. Kufuta na kutia sahihi kando hakusaidii siku hizi, tumelisema hili mara nyingi. Hundi ya shilingi 1,000,000 au zaidi haipokelewi kabisa katika malipano ya hundi. Tumia uhamisho wa moja kwa moja kati ya benki.

Mistari miwili sambamba kwenye uso wa hundi inamaanisha italipwa kupitia akaunti, si taslimu kaunta. Ukiongeza kwamba alipwe mwenye jina tu, mwizi akiiokota atapata shida kuigeuza pesa. Hailindi dhidi ya akaunti tupu, ingawa wapo wanaoamini hivyo.

Kwa mujibu wa kifungu 316A cha Kanuni ya Adhabu, ni kosa kutoa hundi ukijua akaunti haina pesa za kutosha, imefungwa, au umekwisha kuiagiza benki isiilipe. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 50,000, kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Kipengele cha upungufu wa pesa hakihusu hundi iliyoandikwa tarehe ya mbele, kwa hiyo anayekubali hundi ya mwezi ujao ajue anamkopesha mwandikaji. Na ikirudi, usiichane kwa hasira: ihifadhi pamoja na maelezo ya benki ya sababu ya kurudishwa, kwani ndiyo yatakayohitajika polisi na mahakamani.