Si kila nguruwe mwenye singa ni ngiri

"Nguruwe yeyote wa porini mwenye meno ya nje na singa mgongoni ni ngiri."

Singa peke yake haitoshi, kwa kuwa nguruwe pori naye anayo. Chukua picha ya mnyama aliyesimama kichakani, mwenye manyoya mengi ya hudhurungi na singa iliyopauka kuanzia shingoni. Anza na uso. Ngiri ana uso mpana, bapa, wenye vinundu vikubwa chini ya macho, na meno ya juu yanayojipinda kuelekea juu hata ukiwa mbali unayaona. Huyu wa kichakani uso wake ni mrefu, hauna vinundu vinavyoonekana wazi, masikio yana vishungi, na meno hayaonekani kwa urahisi. Ni nguruwe pori. Isitoshe, ngiri mwili wake karibu ni uchi, singa ndiyo inayojitokeza.

Mkia nao unasaidia sana, ila mnyama awe anakimbia: ngiri huusimamisha wima kama fimbo, nguruwe pori huuteremsha. Akiwa amesimama tu, ngiri naye huuteremsha, na hapo ndipo wengi hupotea. Mkia uliojikunja kama pete mara nyingi ni wa nguruwe wa kufugwa, ingawa wengine hukatwa wakiwa wadogo.

Angalia pia watoto wa ngiri. Nywele nyeupe za mashavuni mwao hufanana kabisa na meno. Kuza picha uone kama ni nywele.